Kufupisha makala ya wasifu wa mtu mashuhuri: jinsi ya kutenganisha sifa za mwandishi na mambo yaliyothibitishwa

Makala ya wasifu jaridani huandikwa na mtu aliyemtembelea mhusika, akamsikiliza kwa saa kadhaa, na mara nyingi akaondoka amevutiwa naye. Hilo si kosa. Ndilo linalofanya makala hizo zisomeke kwa raha. Tabu huanza pale mtu mwingine anapotakiwa kuifupisha makala ya maneno 3,000 iwe aya mbili au tatu, kwa ajili ya darasa, chumba cha habari au faili la ofisi. Maneno yanapopunguzwa, vinavyoanguka kwanza ni vile viashiria vidogo vinavyoonyesha kuwa hapa anayesema ni mwandishi: "naona", "kwangu mimi", "ungedhani". Sifa inabaki, aliyeitoa anapotea, na anayesoma muhtasari anapokea maoni ya mtu mmoja kana kwamba ni habari iliyothibitishwa.

Tutafanya kazi na mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Filbert Bayi, mwanariadha wa Tanzania wa miaka ya 1970. Anafaa kwa sababu mbili. Mafanikio yake yamepimwa kwa saa na kuandikwa kwenye kumbukumbu, hivyo ushahidi wake uko wazi. Tena ni mtu anayependwa, na kila anayemwandika hujikuta akimsifu. Aya ifuatayo tumeitunga kwa ajili ya zoezi hili, kwa mtindo ambao majarida huutumia. Tarehe, mahali, nafasi na muda wa mbio ni vya kweli. Mapambo ni ya mtindo.

"Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kijana mwembamba kutoka Karatu aliifundisha dunia namna ya kukimbia mita 1500. Wakati wengine wakipiga hesabu na kujibana nyuma, Filbert Bayi, simba wa mbio za kati, hakumwogopa mtu. Alichomoka tangu mlio wa bastola, akaongoza mwanzo hadi mwisho, akamaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili kwa 3:32.5, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani, lakini siku ile hakuna ambaye angeweza kumsogelea Bayi. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, akavunja pia rekodi ya maili. Kisha siasa zikamnyang'anya dhahabu yake: Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi Moscow mwaka 1980 na kuchukua medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Wanaomfahamu wanasema unyenyekevu wake haujabadilika tangu ujana."

Kipi kihesabiwe kuwa kimethibitishwa

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama jambo ni la kweli. La pili ni kama makala imelionyesha kuwa la kweli. Anayefupisha hujibu swali la pili. Unyenyekevu wa Bayi unaweza kuwa wa kweli kabisa, lakini aya yetu haijauonyesha, imeutaja tu. Ukilishika hilo, huhitaji kuwa na maoni yoyote kuhusu mhusika ili uifanye kazi hii vizuri. Unaweza hata kumpenda kuliko mwandishi anavyompenda.

Kila dai katika makala litaingia katika mojawapo ya mafungu manne, na tunayapa herufi ili uweze kuyaandika pembezoni.

U ni ushahidi: jambo lenye tarehe, mahali, kipimo, hati au tukio lililoonekana hadharani, ambalo mtu mwingine anaweza kwenda kulikagua bila kumuuliza mwandishi wala mhusika. K ni kauli: jambo tunalolijua kwa sababu fulani amelisema, awe mhusika mwenyewe, mwalimu wake, mkewe au mshindani wake. S ni sifa: mwandishi anapima ubora. D ni dhana: mwandishi anaeleza kilichokuwa moyoni mwa mhusika, sababu ya matendo yake, au kile ambacho kingetokea kama mambo yangekuwa tofauti.

Fungu la D ndilo linalowaponyoka wengi, kwa sababu halina maneno ya kusifu. "Alijua tangu utotoni kuwa atakuwa bingwa" haina hata neno moja tamu, lakini hakuna aliyeingia kichwani mwa mtoto huyo. Kama mhusika ndiye aliyemwambia mwandishi hivyo, basi ni K. Kama mwandishi hakusema amelipata wapi, ni D.

Hatua ya kwanza: soma mara mbili, kalamu ishikwe mara ya pili tu

Usomaji wa kwanza uwe wa mfululizo, bila kupiga mstari popote. Ukimaliza, funga makala na uandike sentensi moja: mwandishi anamwonaje mtu huyu? Usitafute maneno yake. Andika hisia uliyobaki nayo. Kwa aya yetu ingekuwa hivi: anamwona Bayi kama shujaa jasiri aliyedhulumiwa na mazingira lakini hakuvunjika moyo.

Iweke sentensi hiyo kando. Ina kazi mbili. Utaihitaji mwishoni, kwa sababu muhtasari lazima umwambie msomaji msimamo wa mwandishi. Na sasa hivi inakuonya upande ambao makala inakuvuta: kila dai linalolisaidia simulizi hilo la shujaa aliyedhulumiwa ndilo la kuliangalia kwa makini zaidi, maana hapo mwandishi alikuwa na sababu ya kukaza maneno.

Hatua ya pili: hesabu aya, kisha kata sentensi

Zipe aya namba. Makala ya maneno 3,000 huwa na aya 25 hadi 40 hivi, na namba zitakuokoa unapotaka kurudi kuhakiki. Halafu pita sentensi kwa sentensi ukiandika herufi pembezoni. Utagundua mapema kuwa sentensi nzima haiwezi kupewa herufi moja. Waandishi wazuri hawaandiki sentensi ya ushahidi kisha sentensi ya sifa. Huvisuka viwili hivyo pamoja, na hapo ndipo ufundi wao ulipo.

Tazama sentensi ya kwanza ya mfano. "Februari 2, 1974, mjini Christchurch, New Zealand" ni U. "Kutoka Karatu" ni U, kwa kuwa ni jambo la kumbukumbu. "Kijana" ni U pia, maana alizaliwa mwaka 1953 na siku ile alikuwa na miaka 20. "Mwembamba" ni maelezo ya umbo ambayo picha zinaweza kuyaonyesha, hayana uzito katika muhtasari, yaache. "Aliifundisha dunia namna ya kukimbia mita 1500" ni S tupu. Hakuna darasa lililofanyika. Lakini chini ya sifa hiyo kuna tukio: alikimbia mbio za mita 1500. Sentensi moja, vipande vitano.

Njia rahisi ya kukata ni kufuta kwa penseli kila neno ambalo ukiliondoa tukio linabaki lilelile. Futa "simba wa mbio za kati", futa "hakumwogopa mtu", futa "alichomoka tangu mlio wa bastola". Kinachobaki ni: Bayi aliongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho. Hicho ni U, na ni kitu kikubwa. Katika mbio za mita 1500 wakimbiaji wengi hujificha nyuma ya mwingine na kungoja mzunguko wa mwisho. Kuongoza mwanzo hadi mwisho na bado kuvunja rekodi ya dunia ni jambo linaloweza kutajwa bila pambo lolote na likabaki na nguvu zake. Mara nyingi utaona hivyo: ushahidi ukisafishwa humpa mhusika heshima kuliko sifa zilizokuwa zimeufunika.

Hatua ya tatu: pima kila U uliyoiandika

Ukimaliza kupita mara ya kwanza, rudi kwenye herufi za U peke yake na uziulize swali moja: makala imenipa nini cha kulishikia jambo hili? Kuna aina nne za madai ambazo huvaa nguo za ushahidi, na zote zimo kwenye aya yetu au katika makala za aina yake.

Aina ya kwanza ni dai linalopingwa na takwimu za makala yenyewe. Mwandishi anasema hakuna ambaye angeweza kumsogelea Bayi. Lakini sentensi hiyohiyo inataja 3:32.5 ya Walker, na iliyotangulia inataja 3:32.2 ya Bayi. Tofauti ni sehemu tatu za kumi za sekunde, yaani kama mita 2 kwa mwendo wa mbio zile. Walker alimsogelea sana. Namba zinapogombana na maneno ndani ya makala moja, chukua namba na uyaache maneno. Ukiandika kwenye muhtasari kuwa Bayi "alishinda kwa urahisi" au "aliwaacha mbali wenzake", umeichukua sifa na kuacha ushahidi, ilhali vyote viwili vilikuwa mbele yako.

Aina ya pili ni dhana iliyovaa umbo la tukio. "Siasa zikamnyang'anya dhahabu yake." Kitenzi kiko katika wakati uliopita, hakina "huenda" wala "-nge-", kwa hiyo macho huipita kama habari. Lakini mtu hanyang'anywi kitu ambacho hajakipata. Kilichothibitishwa ni kwamba Tanzania ilisusia michezo ya Montreal. Dhahabu ni D. Dawa yake ni kuirudisha sentensi kwenye umbo lake halisi: mwandishi anaamini kwamba Bayi angeshinda kama Tanzania ingeshiriki. Ukiiandika na "-nge-" yake mahali pake, msomaji anaona mara moja kuwa hili ni jambo la kufikirika. Neno "siasa" nalo ni la kuangaliwa. Nchi za Afrika zilisusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na New Zealand haikuondolewa kwenye Olimpiki. Kuliita jambo hilo siasa tu ni uamuzi wa mwandishi, na uamuzi huo unamsaidia kujenga picha ya mtu aliyedhulumiwa. Wewe andika "Tanzania ilipoisusia", usibebe "siasa".

Aina ya tatu ni mpangilio unaotengeneza sababu. "Mwingine angekata tamaa. Yeye alirudi Moscow mwaka 1980." Msomaji anaelewa kuwa baada ya Montreal kulikuwa na kimya kirefu, kisha mtu akarudi. Katika mfano huu ukimya ni wa mwandishi. Mwaka 1978 Bayi alikimbia mita 1500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Kanada, akapata medali ya fedha nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza. Mwandishi wa aya aliiruka Edmonton kwa sababu ingevunja simulizi la kudhulumiwa na kurudi. Huwezi kuiingiza Edmonton kwenye muhtasari, maana haimo kwenye makala. Unachoweza kufanya ni kutokubeba kitenzi "alirudi". Andika tu: mwaka 1980 alipata medali ya fedha Moscow. Tarehe mbili zikikaa pamoja bila kitenzi cha kuziunganisha, hazidanganyi.

Aina ya nne ni umati usio na majina. "Wanaomfahamu wanasema." Ni wangapi? Mmoja? Ni jamaa zake? Hiyo ni K iliyo dhaifu kabisa, na mara nyingi ni S ya mwandishi iliyotafutiwa mdomo mwingine. Maneno mengine ya jinsi hiyo ni "wengi wanakubali", "anatajwa kuwa", "anatambulika kama", "inasemekana". Maneno haya si ya kuyatupa moja kwa moja, kwa sababu pengine makala imekwisha kuwataja watu hao aya chache kabla. Rudi uangalie. Kama wametajwa, andika nani amesema. Kama hawakutajwa, andika kuwa hawakutajwa.

Tukio aliloliona mwandishi kwa macho yake

Makala nyingi za wasifu hufunguliwa nyumbani kwa mhusika: anamimina chai mwenyewe, anamwita mtunza bustani kwa jina, simu inaita naye haipokei. Wanaofupisha hugawanyika hapa. Wengine hulitupa tukio lote kama pambo, wengine huandika "ni mtu mnyenyekevu anayemimina chai mwenyewe". Wote wamekosea kidogo.

Mwandishi aliyekuwapo ni shahidi, na alichokiona ni U. Lakini ni ushahidi wa siku moja, mbele ya mgeni ambaye mhusika alijua anakuja kumwandika. Chai ilimiminwa, hilo limethibitishwa. Unyenyekevu ni hitimisho la mwandishi kutoka kwenye chai. Kama tukio hilo lina uzito katika makala, lifupishe kwa sehemu mbili zinazotambulika: mwandishi, aliyemkuta akiwahudumia wageni mwenyewe, anamwona kuwa mnyenyekevu. Msomaji anapewa hitimisho pamoja na msingi wake, na anaweza kuamua mwenyewe kama msingi huo unatosha.

Kanuni hiyo inahusu pia habari za utotoni. Makala ikisema mhusika alikuwa akikimbia kwenda shule kila siku, jiulize nani angeweza kulijua hilo. Kama ni yeye mwenyewe au jamaa zake tu, basi ni K hata kama mwandishi hakuweka "anasema". Irudishie mwenyewe: "anakumbuka kwamba", "kwa maelezo yake".

Sifa zinazojificha ndani ya majina na vitenzi

Katika uandishi wetu wa michezo, siasa na sanaa, sifa mara nyingi hukaa kwenye jina linalomtangulia mtu. Nguli, gwiji, jabali, mkongwe, mwamba, simba: yote haya yanapima ubora, ingawa yamezoeleka kiasi kwamba tunayasoma kama vyeo. Kwenye muhtasari weka kazi ya mtu badala yake: mwanariadha, mwimbaji, mbunge, mfanyabiashara. "Mzee" na "Mama" ni suala jingine. Huenda ni heshima ya kawaida ya lugha, na katika muhtasari rasmi jina kamili linatosha. "Mwalimu" na "Profesa" viangalie: vikitaja kazi au cheo halisi ni U na vinaruhusiwa kubaki.

Vitenzi ni vigumu zaidi. "Alithubutu kugombea" ina "aligombea" ndani yake, pamoja na maoni ya mwandishi kuwa kulihitajika ujasiri. "Alifichua" inasema kuwa aliyoyasema yalikuwa ya kweli na yalikuwa yamefichwa. "Alieleza" haisemi hivyo. "Alifanikiwa kuweka" ina jasho la mwandishi, "aliweka" inatosha. Ukipita kwenye vitenzi vya makala ukitafuta tu vile vinavyobeba hukumu, utakuta vichache katika kila aya, na hivyo ndivyo vinavyopenya kwenye muhtasari bila kuonekana, kwa sababu anayefupisha hunakili vitenzi na kufuta vivumishi.

Kisha kuna maneno ya upeo: wa kwanza, pekee, kuliko wote, hadi leo. Haya yanaweza kuwa U halali, lakini yana mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayokatwa katika kufupisha. Chukua medali ya Moscow. Makala ikisema ni "miongoni mwa medali mbili pekee za Olimpiki za Tanzania", usiifupishe ikawa "medali pekee ya Olimpiki ya Tanzania". Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000 katika michezo hiyohiyo ya mwaka 1980. Maneno machache yaliyokatwa yamemfuta mtu mzima. Vivyo hivyo rekodi: Bayi *aliweka* rekodi ya dunia ya mita 1500, na rekodi ya maili aliyoiweka Mei 1975 ilivunjwa na Walker Agosti mwaka huohuo. Ukiandika kwamba yeye ni "mshikilizi wa rekodi", umebadilisha wakati wa kitenzi na kuzusha uongo ambao hata mwandishi aliyevutiwa hakuuandika.

Hatua ya nne: andika, U kwanza na S mwisho

Kwa makala ya maneno 3,000 muhtasari wa maneno 250 hadi 300 unatosha. Tunapendekeza theluthi mbili ziwe U, sehemu inayobaki igawanywe kati ya K na msimamo wa mwandishi. Panga U kwa tarehe, hata kama makala ilianzia katikati ya maisha na kurudi nyuma. Mpangilio wa jarida umetengenezwa ili kuvuta hisia. Mpangilio wa tarehe unaonyesha pia mahali penye pengo.

Kwa K, chagua kitenzi cha kuripoti kwa uangalifu. "Anasema" na "anaeleza" havina upande. "Anadai" inaweka shaka, kwa hiyo itumie tu pale ambapo makala yenyewe inaonyesha kuwa jambo hilo lina ubishi. "Anathibitisha" inaweka uhakika ambao kauli haina. Wapo wanaoogopa kuonekana wamemwamini mwandishi, wakajaza "anadai" kila mstari. Muhtasari wa namna hiyo umeingiza shaka ambayo haikuwamo, na huo ni upotoshaji sawa na kuingiza sifa.

Kuhusu S, usiifute. Hapa ndipo wenye bidii hukosea zaidi: wanasafisha makala mpaka inabaki orodha ya tarehe, na msomaji hajui kamwe kuwa makala ilikuwa ya kumtukuza mtu. Msimamo wa mwandishi ni sehemu ya yaliyomo. Uutaje mara moja, kwa sentensi moja au mbili mwishoni, ukiwa na mwenyewe: "mwandishi anamwona", "mwandishi anamsifu kwa". Sasa ichukue ile sentensi uliyoiandika baada ya usomaji wa kwanza na uitumie.

Aya yetu ikifupishwa inakuwa hivi. Ni ndefu kuliko uwiano wa kawaida kwa sababu aya yenyewe ilikuwa imejaa matukio.

"Makala inaeleza mbio za mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi kati ya mwaka 1974 na 1980. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2, mbele ya John Walker wa New Zealand aliyemaliza kwa 3:32.5. Mwaka 1975 alivunja rekodi ya maili mjini Kingston. Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwandishi anaamini kuwa Bayi angeshinda dhahabu huko. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha mjini Moscow katika mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mwandishi anamstahi waziwazi kwa ujasiri wa kukimbia mbele, ustahimilivu na unyenyekevu, na kwa hilo la mwisho anawategemea watu asiowataja majina."

Angalia kilichotokea kwa "unyenyekevu". Haukufutwa, haukupingwa, lakini sasa msomaji anajua umetoka wapi.

Ukikuta makala imekosea, au imetofautiana na kumbukumbu

Unapohakiki unaweza kukuta kuwa kumbukumbu nyingine zinaandika muda wa Christchurch kuwa 3:32.16. Usikimbilie kusahihisha. Wakati ule rekodi za mbio hizi ziliidhinishwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hivyo 3:32.2 ndiyo iliyoidhinishwa na 3:32.16 ndiyo iliyosomwa na mitambo. Zote mbili ni sahihi. Muhtasari hubaki na namba ya makala.

Kama kosa ni la kweli, kwa mfano makala imeandika mwaka 1973 badala ya 1974, muhtasari unaripoti kilichoandikwa na maelezo yako yanakaa chini yake, nje ya muhtasari, yakiwa na jina la anayefupisha. Ukisahihisha kimyakimya ndani, anayelinganisha muhtasari na makala atadhani wewe ndiye uliyekosea kunakili, na kosa la jarida litaendelea kuzunguka. Edmonton nayo, kama unaona msomaji wako anahitaji kuijua, mahali pake ni hapo chini.

Uhakiki wa mwisho

Chukua muhtasari, na mbele ya kila sentensi andika namba ya aya ilikotoka pamoja na herufi yake. Sentensi isiyopata namba umeitunga wewe, iondoe. Sentensi yenye herufi S, K au D ambayo haina mwenyewe ndani yake, mpe mwenyewe.

Halafu mpe mtu ambaye hajaisoma makala. Muulize mambo mawili: katika haya, yapi ungeweza kwenda kuyakagua bila kumpigia mwandishi simu? Na mwandishi anamwonaje mhusika? Akishindwa swali la kwanza, sifa bado zimechanganyika na ushahidi, tafuta vitenzi. Akishindwa la pili, umesafisha kupita kiasi. Rudisha sentensi ya msimamo. Na akikuambia kuwa wewe unaonekana kumpenda sana mhusika, au kumchukia, pitia vitenzi vya kuripoti kimoja kimoja, kwa kuwa hapo ndipo sauti ya anayefupisha huingia.